Rasimu ya Paka wa Mwalimu Chonga

Ukimkuta Bi Mwanakuu sokoni akichagua nguru, utadhani ni mwanamke mpole. Sauti yake iko chini, buibui lake limenyooka, na wauza samaki wote humwita mama. Lakini waulize wasichana wa maahadi, watakwambia mengine. Hao ndio wanaoijua kalamu yake nyekundu.

Maahadi yenyewe ni ndogo, vyumba vinne juu ya ghorofa ya zamani katika Mji wa Kale, na ngazi yake ni ya mbao, inalia ukiikanyaga. Hapo wanawake na wasichana husomea cheti cha ualimu wa madrasa. Bi Mwanakuu husomesha hadithi za Mtume na kusimamia insha. Kila mwanafunzi huandika rasimu mbili, kila rasimu hurudishwa na maoni ya mwalimu, kisha huandikwa insha ya mwisho. Bila insha hakuna cheti, na bila cheti siku hizi hakuna kamati ya msikiti itakayokupa watoto uwasomeshe, hata kama unajua msahafu wote kwa moyo.

Kwa miaka mingi maoni ya Bi Mwanakuu yalikuwa mafupi. "Si kweli." "Rudia." "Dalili iko wapi?" Aliamini kuwa kumsifu mtu kwa kazi aliyotakiwa kuifanya ni kumlea vibaya. Alikuwa mjane, watoto wake wawili wameshaoa, na dini aliisoma kwa taabu, kwa mwalimu aliyekuwa akimrudishia kitabu bila neno. Yeye angalau anaandika neno, alijiambia. Nadhani alijiona mkarimu.

Basi mwaka huu alikuwako msichana mmoja, Mwanaesha Athumani, miaka kumi na tisa, mzito wa maneno darasani lakini akishika kalamu anafunguka. Swali la insha lilikuwa hili: tathmini jinsi watu wa mtaa wako wanavyofuata mafundisho ya dini kuhusu wanyama. Wenzake waliandika kuhusu punda na mikokoteni. Mwanaesha aliandika kuhusu paka wa babu yake.

Babu huyo ni marehemu Mwalimu Chonga, aliyehama Kwale akiwa kijana na kusomesha chuo cha Kurani karibu na nyumba yake mpaka mwaka alipofariki. Kila baada ya sala ya isha alikuwa akitoka na sinia la makombo ya samaki, na paka wa mtaa mzima walikuwa wanajua. Chuo chake sasa kimefungwa. Kamati imesema Mwanaesha akipata cheti atapewa funguo, akisomeshe yeye. Msichana hakuwa na ndoto nyingine.

Rasimu ya kwanza iliporudi ilikuwa na "Dalili iko wapi?" mara tatu, bila kusema ni ushahidi gani unaotakiwa, na basi. Rasimu ya pili ilipofika, Bi Mwanakuu aliisoma kwa raha mpaka ukurasa wa pili, na hapo akakutana na sentensi hii: Mtume alisema, kupenda paka ni katika imani.

Damu ilimpanda. Maneno hayo anayajua. Yanazunguka kwenye simu za watu yakiwa na picha ya paka na maua, na wanazuoni wa hadithi walishayakataa zamani, wakasema yamezuliwa. Mtu kumnasibishia Mtume neno asilolisema ni jambo la kutisha, na yeye huwatisha nalo wanafunzi kila muhula. Hakusoma tena kilichobaki. Alishuka chini ya ukurasa, akaandika kwa herufi kubwa: "Umemzulia Mtume uongo. Muogope Mungu kabla ya kushika kalamu." Akafunga, akairudisha, akaenda kupika.

Jumatatu iliyofuata, alipopanda ngazi tu, mkuu wa maahadi alimwita ofisini. Ustadhi Twaha ni mtu wa suluhu, hapendi kelele, na siku hiyo uso wake ulikuwa umeiva kwa joto. Mbele yake alikaa mwanamume wa makamo, shati limechomekwa, kitambulisho cha bandarini bado kinaning'inia shingoni. Alikuwa Athumani Chonga, karani wa kampuni ya kutoa mizigo Kilindini, babake Mwanaesha.

"Masalkheri, Bi Mwanakuu," alisema, na hakunyanyua macho. "Nimekuja unieleze. Babangu alikuwa mwongo?"

Bi Mwanakuu hakuelewa. Akaelezwa, na kila neno lilimkalia vibaya zaidi ya lililotangulia.

Siku ya Ijumaa ilikuwa hitima ya marehemu Mwalimu Chonga, mwaka wake wa pili. Watu walijaa, wakasoma, wakala pilau, na kahawa ilipoanza kuzunguka Athumani akaona fahari. Binti yake ameandika kuhusu babu yake. Akaichukua rasimu kwenye mkoba wa Mwanaesha, hakumuuliza, akasimama mbele ya wageni na kuanza kusoma. Watu walitikisa vichwa, wengine walifuta machozi. Aliisoma hadithi ya paka, wakasema mashaallah. Akaendelea na ukurasa kwa mbio zile zile mpaka chini, na kwa kuwa alikuwa hajaitazama kabla, akayasoma na ya mwisho kwa sauti ile ile ya fahari: Umemzulia Mtume uongo. Muogope Mungu.

"Nilinyamaza katikati," Athumani alisema. "Lakini walikuwa washasikia. Mjomba wangu akaniuliza, ni nani aliyezua, mtoto au babu yake? Kwa sababu maneno yale, Bi Mwanakuu, sote tumeyasikia kwa babangu. Yeye ndiye aliyekuwa akiyasema kila siku na sinia lake mkononi."

Ustadhi Twaha alikohoa. "Sasa mtaani yasemwa kuwa maahadi hini yamuita Mwalimu Chonga mzushi."

"Mimi sikuandika jina lake," Bi Mwanakuu alisema.

"Uliandika juu ya kazi ya binti yangu," Athumani akajibu. "Tangu Ijumaa hali chakula vizuri, haongei. Sikiza, mama. Alkhamisi ndiyo mwisho wa kupokea insha, nimeambiwa. Nitarudi siku hiyo. Ama uandike hapa, kwa mkono wako, kuwa maneno ya babangu ni sawa, ama namtoa. Kazini kwetu watafuta mtu wa kupika chai na kupeleka karatasi. Ataanza Jumatatu."

Akaiweka rasimu mezani, akatoka. Ngazi ililia mpaka chini.

Ustadhi Twaha alimtazama mwenzake kwa huruma ya mtu anayetaka jambo liishe. "Andika 'kazi nzuri sana', Bi Mwanakuu. Weka na 'mashaallah'. Hakuna atakayesoma zaidi."

"Na hadithi?"

"Hadithi isahau. Ni paka tu."

Bi Mwanakuu aliichukua rasimu akaenda nayo darasa lililokuwa tupu. Alikuwa na hasira, na hasira yake haikujua pa kwenda. Kwa Athumani? Mtu huyo alimtetea babake. Kwa Ustadhi? Huyo ndivyo alivyo. Alijaribu. Alichukua karatasi ya pembeni akaandika sifa, nyingi, tamu, ukurasa wa kwanza mzuri, simulizi nzuri, lugha nzuri, na katikati yake akalifukia kosa kwa maneno laini: pengine ungeweza kuangalia tena baadhi ya dalili. Akaisoma kama angekuwa Mwanaesha. Msichana angesikia kwamba yuko sawa. Angeiwasilisha hivyo hivyo, kisha mtahini wa nje, ambaye hajui lolote kuhusu sinia wala hitima, angeikataa insha nzima kwa sentensi moja. Na baada ya hapo Mwanaesha angekuwa mwalimu, na watoto arubaini wangeimba kwa pamoja jambo ambalo Mtume hakulisema. Akaichana karatasi.

Akaandika nyingine, na hiyo ikatoka kama yeye alivyozoea. Makosa kumi na saba, mstari kwa mstari, tahajia, vichwa vya habari, tarehe, nukta, na lile kubwa likiwa namba tisa. Mtu akiisoma hatajua lipi lamuua na lipi lamkwaruza. Hiyo nayo akaichana.

Ndipo akafanya jambo ambalo hakulifanya mara ya kwanza: akaisoma rasimu mpaka mwisho. Ukurasa wa tatu msichana aliandika kuhusu aya isemayo kuwa wanyama ni umma kama wanadamu, na akaeleza kuwa babu yake hakuwa akiwarushia paka chakula, alikuwa akiwaita, akiwapa zamu, akimtenga mwenye nguvu ili aliye mgonjwa apate. Ilikuwa kazi nzuri. Bi Mwanakuu alijua ni nzuri, na aliona aibu kwamba wino wake ulikuwa umeishia ukurasa wa pili. Lakini pia kulikuwa na kitu kilichomsumbua. Mtoto mwenye macho namna hii, kwa nini aweke hadithi bila kumtaja mpokezi aliyeisimulia? Akatafuta nakala ya rasimu ya kwanza kwenye jalada. Sentensi ile haikuwamo.

Jumanne alasiri alimpata Mwanaesha ufukweni Mama Ngina, kwenye meza ya shangazi yake, akimenya viazi vya karai. Watu walikuwa wameanza kujaa, watoto wanakimbizana ukutani, na upepo ulikuwa ukiyumbisha moto wa jiko. Msichana alimuona mwalimu akakaa wima, kisu mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Endelea. Sikuja kukugombeza."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mwanamke wa heshima na buibui lake, na shangazi mtu akajifanya ana kazi upande wa pili. Bi Mwanakuu anajua kuhukumu, kuuliza hakukuzoea.

"Ukurasa wa pili," alisema mwishowe. "Yale maneno ya paka. Nani aliyekwambia ni ya Mtume?"

Mwanaesha alimenya kiazi kizima. Akachukua cha pili.

"Babu yako?"

"La," msichana akasema, haraka, kana kwamba amechomwa. "Babu hakusema Mtume. Babu alikuwa akisema tu. 'Kupenda paka ni katika imani, nyinyi,' na anacheka. Ni maneno yake. Hata sijui aliyatoa wapi."

"Basi Mtume katoka wapi?"

Kisu kilisimama. "Rasimu ya kwanza nilikuwa nimeandika tu alivyokuwa akifanya babu. Wewe ukaandika, dalili iko wapi. Mara tatu. Sikujua wataka dalili ya namna gani. Niliogopa kuja kukuuliza. Nikatafuta kwenye simu, nikayaona maneno yale yale ya babu, na hapo juu pameandikwa Mtume alisema. Nikafurahi, mwalimu. Nilidhani Mungu amenisaidia."

Mbele ya Bi Mwanakuu mtu mmoja alikuwa akinunua kachiri za muhogo na kuomba pilipili zaidi, na dunia ilikuwa inaendelea na shughuli zake.

"Umemwambia babako?"

"Siwezi. Yeye yuwamtetea babu kwa watu wote. Yuwagombana na mjomba. Nikimwambia ni mimi niliyemtia Mtume mdomoni mwa babu, si atanitupa?" Machozi yalianza, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na chumvi. "Tafadhali usimwambie. Acha nikapike chai Kilindini. Ni sawa tu."

"Si sawa."

"Andika basi kuwa ni kweli. Baba atanyamaza."

"Hilo sitaliandika, Mwanaesha. Hata wakinifukuza." Kisha akaongeza, na sauti yake ilikuwa imelainika mpaka yeye mwenyewe akaishangaa, "Na la kwako pia sitamwambia. Nitaandika kuhusu sentensi, si kuhusu wewe. Mengine utaamua."

Aliondoka akitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na njia nzima alikuwa akijilaumu. Alikuwa amemwambia mtoto kuna shimo mahali, akamwacha alizibe kwa chochote atakachookota. Maneno matatu tu, na ilitosha. Angeongeza mstari mmoja, angesema katafute katika kitabu cha mwaka wa kwanza, Mwalimu Chonga angelala kwa amani kaburini na hitima ingeisha kwa kahawa.

Jumatano aliketi na kalamu ya buluu. Nyekundu aliiacha kwenye mkoba. Aliandika polepole, akafuta, akaandika tena, na kila sentensi aliipima kwa masikio mawili: ya msichana anayeogopa, na ya baba anayetafuta ugomvi. Alijua itasomwa na wote wawili, tena kwa sauti. Neno "umezua" lilikuja mara nyingi kwenye ncha ya kalamu. Kila likija alilirudisha, akaitaja sentensi badala ya mtu. Alipofika kwenye sifa alishikwa na uvivu wake wa zamani akataka kuandika "nzuri" aende zake, akajilazimisha kusema nzuri kwa kipi. Maoni yote yalijaa upande mmoja wa karatasi, na alipomaliza mgongo ulimuuma kama aliyefua mashuka.

Alkhamisi Athumani alifika kabla ya adhuhuri, na safari hii alikuja na binti yake. Mwanaesha alikaa ukingoni mwa kiti, ushungi umeshuka mpaka kwenye nyusi. Ustadhi Twaha aliagiza kahawa ambayo hakuna aliyeigusa.

"Umeandika?" Athumani aliuliza.

"Nimeandika. Isome."

Alivaa miwani. Alisoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo anavyosoma kila kitu, hata hati za mizigo.

"'Mwanaesha. Ukurasa wa kwanza na wa tatu usiziguse. Umemuonyesha babu yako akiwapa paka zamu na kumtenga mwenye nguvu ili mgonjwa ale, na umeunganisha kitendo hicho na aya ya wanyama kuwa umma. Hapo hukusimulia tu, umethibitisha jambo kwa ulichokiona. Wachache darasani wameweza.'"

Akatua. Akamtazama binti yake kwa pembeni, na mabega yake yakashuka kidogo. Akaendelea.

"'Kuna mambo mawili ya kutengeneza kabla ya mengine yote. La kwanza ndilo zito. Sentensi ya ukurasa wa pili inasema kuwa kupenda paka ni katika imani, na inayataja maneno hayo kuwa ya Mtume. Hayana mapokezi ya kutegemewa, na wanazuoni wa hadithi wameyakataa. Yakibaki hivyo, mtahini ataikataa insha.'"

Athumani aliishusha karatasi. "Kwa hiyo umerudia," alisema, polepole sana. "Umeyarudia yale yale kwa wino mwingine. Babangu mzushi."

"Endelea kusoma, Bwana Athumani."

"Nisome nini? Nimesema uandike ni sawa, wewe wan'andikia—"

"Kuna mstari unaofuata. Usome kwanza, kisha unitukane."

Ustadhi Twaha alifunga macho. Athumani aliirudisha karatasi karibu na miwani, na sauti yake sasa ilikuwa kavu.

"'Neno hili si hukumu juu ya imani yako. Nilipoandika hivyo mara ya kwanza nilikosea, na nakuomba radhi. Jambo la pili: swali linataka tathmini. Umetuonyesha wanaowalisha paka, hukutuonyesha wanaowamwagia maji ya moto. Sasa fanya hivi. Moja, jiulize maneno yale umeyasikia kwa nani hasa, umtaje mwenyewe kwa jina lake. Neno la mtu mwema linaweza kukaa kwenye insha kama neno la mtu mwema. Halihitaji kuvishwa la Mtume. Mbili, kitabu cha hadithi cha mwaka wa kwanza kina hadithi sahihi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Iweke hapo, na umtaje mpokezi na kitabu. Tatu, zungumza na watu wawili wa sokoni wanaowafukuza paka, uandike sababu zao kwa haki, kisha useme dini inawajibu nini. Tahajia usihangaike nayo sasa, tutaiona ukimaliza haya. Njoo uniulize ukikwama popote. Ulikwama mara ya kwanza kwa sababu nilikuuliza dalili iko wapi na sikukwambia uitafute wapi.'"

Alimaliza. Alirudi juu kwa kidole, akausoma mstari mmoja tena kimya, midomo ikienda.

"Umtaje mwenyewe kwa jina lake," alisema. "Yaani nini? Babangu hakuwa akisema ni ya Mtume?"

Bi Mwanakuu alikuwa ameahidi. Alitazama kikombe cha kahawa, kwa sababu jibu lilikuwa chumbani na si lake kulitoa. Nje mwenye mkokoteni alikuwa akiomba njia.

"Bi Mwanakuu, nakuuliza wewe."

"Muulize aliyemsikia," alisema.

Athumani aligeuka. Mwanaesha alikuwa amekamata ushungi wake kwa mikono miwili. Ustadhi Twaha alifungua mdomo kuokoa hali, Bi Mwanakuu akamtazama tu, akaufunga.

"Alikuwa akisema tu, baba," msichana alisema. "Kumbuka. Alikuwa akisema na kucheka. Mtume nimemuandika mimi. Nilitaka babu awe na dalili."

Athumani alivua miwani, akaivaa tena. Unaweza kumuona mtu akirudi nyuma miaka mingi kichwani, akisimama mlangoni pa chuo, akisikiliza. Alisikiliza sana. Na alipokwisha kusikiliza, uso wake ulibadilika, lakini si kwa hasira ambayo binti yake alikuwa akiingoja.

"Kweli," alisema. "Hakuwahi kusema."

Mwanaesha alianza kulia. Babake aliweka mkono kichwani pake na kuuacha hapo, mzito, bila kusema amemsamehe, lakini mkono haukuondoka. Ustadhi Twaha alitamka alhamdulillahi akanyoosha mkono kuchukua kahawa, akiamini mambo yamekwisha. Bi Mwanakuu naye aliamini hivyo. Alimwambia Mwanaesha kuwa mpaka Jumamosi anampa, na kama ni kuulizwa kwa nini insha imechelewa, ataulizwa yeye mwalimu.

Lakini Athumani hakuinuka. Aliikunja karatasi, akaikunjua, akaisoma tena pale palipoandikwa moja, mbili, tatu.

"Mimi ndiye niliyeisoma," alisema. "Ijumaa. Watu wote wale, na msahafu uko mezani. Mimi, si yeye. Nikasema Mtume alisema, na wakaitikia mashaallah. Mmoja akainakili kwenye simu hapo hapo, akaituma kundi la msikiti. Wengine wamewasomea watoto wao. Tangu siku hiyo nimegombana na mjomba, nimemnunia jirani, nimekuja hapa kukutisha, na yote nilikuwa nikitetea jambo ambalo babangu mwenyewe angenipiga kofi kwalo."

Alimsukumia Bi Mwanakuu karatasi mezani, upande wake mtupu ukiwa juu, na kalamu ya buluu juu yake.

"Niandikie na mimi," alisema. "Nianze na nani?"

Bi Mwanakuu alimtazama mtu huyu mzima, na kitambulisho chake shingoni, na akaona amekaa vile vile alivyokuwa amekaa binti yake, ukingoni mwa kiti. Alitaka kumwambia kuwa si kitu, kwamba Mungu ni mwingi wa kusamehe, na yote mawili yangekuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo lingemfikisha mlangoni kwa mtu. Akaivuta karatasi.

"Umesimama mbele ya watu ukamsifu babako," alisema huku akiandika. "Hilo usilijutie. Sasa anza na yule aliyeituma kwenye kundi, leo, kabla ya alasiri. Mjomba wako atafuata. Jirani angoje mpaka kesho."